Mswada wa Video ya Fundi: Kukagua Gari Kabla ya Safari Ndefu

Video ya fundi inayoonyesha namna ya kukagua gari kabla ya safari hupangwa kwa kufuata joto la injini. Tairi, oili na maji ya rejeta hukaguliwa gari likiwa limepoa. Taa hukaguliwa mwisho, kwa sababu ndizo zinazohitaji ufunguo uwashwe na pengine injini iungurume. Mwandishi wa mswada akilishika jambo hilo, mpangilio haumpi shida tena, na mtazamaji anayeifuata video hatua kwa hatua hatafungua kifuniko cha rejeta yenye moto kwa kuwa aliambiwa aanze na taa.

Mswada huandikika vizuri zaidi ukiwa na safari moja mahususi. Tuseme ni familia ya watu watano na mizigo yao, ndani ya Toyota ndogo ya petroli, wanaoondoka Dar es Salaam alfajiri kwenda Iringa. Njia hiyo ina takriban kilomita 500 na inapanda Mlima Kitonga, ambako gari huburura gia ndogo nyuma ya malori. Safari hiyo yenyewe ndiyo inayomwambia mwandishi aseme nini. Mzigo unaleta swali la upepo wa tairi, mlima unaleta swali la maji ya rejeta, na giza la alfajiri linaleta swali la taa. Video ya dakika 5 inatosha. Kwa kuwa fundi anazungumza huku mikono ikifanya kazi, hesabu ya maneno 100 kwa dakika inampa nafasi ya kupumua, hivyo mswada mzima hauzidi maneno 500.

Ukurasa wa mswada hugawanywa safu mbili. Kushoto huandikwa picha, yaani kamera inaangalia nini na kwa ukaribu gani. Kulia huandikwa maneno ya fundi. Kila mstari wa kulia uwe na kitendo kimoja ambacho mstari wa kushoto unakionyesha. Sentensi kama “Hakikisha oili ipo ya kutosha” haina picha, kwa sababu haimwambii mtu ashike nini. “Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena” ina picha nne, na dereva ambaye hajawahi kufungua boneti anaweza kuifuata.

Sehemu ya tairi ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko zote, kama dakika moja na nusu. Picha ya kwanza si ya tairi bali ya kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kinachotaja kiasi cha upepo. Wengi husoma namba kubwa iliyochorwa kwenye ubavu wa tairi na kujaza kwa kuifuata, kumbe hiyo ni kiwango cha juu ambacho tairi linaweza kubeba, siyo kiwango cha gari lao. Kibandiko kikisema 33, basi ni 33 tairi likiwa baridi. Tairi lililotembea hupata joto na upepo wake hupanda, hivyo dereva anayepima baada ya mwendo wa saa moja anaweza kuona 37 na kupunguza, na kesho yake asubuhi tairi likawa na upungufu. Magari mengine yana namba ya pili kwenye kibandiko kwa ajili ya gari lililojaa. Familia ya watu watano na mizigo inahusika na hiyo ya pili, na mswada uiseme wazi, kwa kuwa tairi lenye upepo kidogo chini ya mzigo hujikunja mno kila linapozunguka, likapata joto na mwisho likapasuka.

Baada ya geji, kamera isogee kwenye mifereji ya tairi. Chini ya mifereji mikubwa kuna vituta vidogo vya mpira vinavyoonyesha kikomo cha kuisha. Mpira wa juu ukilingana navyo, umebaki kama milimita 1.6 na tairi limekwisha kwa safari ya mvua. Fundi apitishe kidole hapo, na kamera itulie juu ya kidole chake kwa sekunde tatu au nne. Namna tairi lilivyoliwa nayo inaeleza mengi. Likiliwa kingo zote mbili, limekuwa likitembea na upepo mdogo. Likiliwa katikati, upepo ulizidi. Likiliwa upande mmoja tu, magurudumu hayajanyooka, na hapo kujaza upepo hakusaidii kitu.

Kuna jambo jingine la kuonyesha kwa karibu, hasa mahali ambapo watu hununua tairi za mtumba. Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna mfululizo wa alama unaoishia na tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata bila kutembea, ukakauka na kupata nyufa, na watengenezaji kadhaa wakubwa hushauri tairi liondolewe likifikisha miaka 10 hata kama mifereji bado ni mirefu. Nundu ubavuni haina mjadala: nyuzi za ndani zimekatika na tairi hilo halisafiri. Sehemu hii ifungwe kwa tairi la akiba, ambalo hupimwa upepo kama mengine, jeki na spana yake zikiwa zimeshikwa mkononi mbele ya kamera.

Oili huchukua dakika moja tu. Gari liwe mahali tambarare. Likiinama, oili hukimbilia upande mmoja na kijiti kinadanganya. Gari lililolala usiku kucha linafaa, maana oili yote imeshuka chini ya injini. Kijiti huchomolewa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza huwa kimepakaa oili iliyoruka injini ilipokuwa ikifanya kazi. Mara ya pili, oili ionekane kati ya alama mbili. Katika magari mengi madogo umbali wa alama hizo ni karibu lita moja, kwa hiyo ikiwa katikati, nusu lita inatosha kuifikisha juu. Fundi amimine kidogo, asubiri, apime tena. Kuzidisha si salama, kwani vyuma vinavyozunguka chini hupiga oili iliyozidi na kuifanya povu, na povu halilainishi vyuma.

Rangi nyeusi peke yake isitajwe kama ubovu, kwani oili ya dizeli hubadilika kuwa nyeusi muda mfupi baada ya kumwagwa mpya. Rangi ya kuogopwa ni ile ya chai ya maziwa. Maana yake maji yameingia kwenye oili, mara nyingi kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua, na gari hilo linarudi gereji badala ya kwenda Iringa.

Kwenye maji ya rejeta mswada ubadilishe mwendo. Hapa maneno ya fundi yaandikwe neno kwa neno, kwa sababu kosa linaunguza mtu. Safu mbili zinaweza kusomeka hivi:

Picha: mkono wa fundi juu ya hosi ya juu ya rejeta. Sauti: “Gusa hosi hii. Ikiwa na joto, usifungue chochote. Subiri.”

Picha: kopo la akiba, kwa karibu, alama zake mbili zikionekana. Sauti: “Maji yawe kati ya alama ya chini na ya juu.”

Picha: kifuniko cha rejeta, tambara limefunikwa juu yake. Sauti: “Hosi ni baridi. Sasa bonyeza, zungusha polepole. Maji yafike shingoni.”

Sababu itajwe kwa sentensi mbili, kwa kuwa anayejua sababu hukumbuka onyo. Ndani ya rejeta yenye kifuniko kizima, maji yamebanwa, na yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa, mbano unatoweka na maji yanachemka papo hapo na kumrukia aliyesimama mbele.

Kopo la akiba kuonekana limejaa hakutoshi. Kifuniko kikichoka au hosi ikiwa na ufa, maji hayarudi kwenye rejeta injini inapopoa. Kopo likabaki na maji yake huku rejeta ikiwa tupu. Ndiyo maana fundi hutazama pande zote mbili. Kinachoongezwa kiwe kulanti ya aina ileile iliyomo, kwa sababu kemikali za aina mbili zinaweza kugombana na kuacha uchafu kwenye njia nyembamba za rejeta. Maji matupu huokoa njiani, lakini huchemka mapema zaidi na huleta kutu. Mswada pia uwakumbuke wenye magari madogo yasiyo na mshale wa joto. Mengi yana taa ya bluu, inayozimika injini ikishapata joto, na nyekundu, inayowaka joto likizidi. Nyekundu ikiwaka Kitonga, dereva asimame mahali salama, azime injini na asiguse kifuniko.

Sasa ufunguo unawashwa. Taa za nyuma ndizo zinazowashinda wanaokagua peke yao, na suluhisho ni ukuta: gari lirudishwe karibu na ukuta, breki ikanyagwe, na mwanga mwekundu utazamwe kwenye kioo. Kona ikikosa mwanga, globu imeungua au fyuzi imekatika. Indiketa inayopepesa haraka kuliko kawaida huwa inasema globu moja ya upande huo imekufa. Anayebadilisha globu ya halojeni ya taa ya mbele asishike kioo chake kwa vidole vitupu, kwa kuwa mafuta ya ngozi hufanya sehemu hiyo ipate joto kupita kiasi na globu ipasuke mapema. Na kwa familia yenye mizigo nyuma, pua ya gari huinuka na dimu huwapiga machoni wanaokuja. Magari mengi yana swichi ndogo karibu na usukani yenye 0 na namba zinazopanda. Namba kubwa hushusha mwanga.

Siku ya kurekodi ifuate mpangilio uleule wa mswada, kwa gari lililolazwa hapo gereji tangu jana yake. Likiletwa asubuhi kutoka mjini, geji itasoma upepo wa moto na rejeta haitafunguka mpaka adhuhuri. Sehemu ya taa irekodiwe kwenye kivuli cha paa, maana juani taa iliyowaka na iliyozimwa hazitofautiani. Kabla ya fundi kugusa ufunguo, picha zote za tairi, oili na rejeta zitazamwe upya kwenye simu. Ikigundulika baadaye kwamba alama za kijiti hazikuonekana vizuri, injini imeshapata joto na picha hiyo itasubiri kesho.