Wiki Nne za Vyuma kwa Asiye na Kocha

Mtu anayenyanyua vyuma bila kocha hujikuta akiuliza swali lilelile kila aingiapo jimu: leo niweke kilo ngapi? Siku akiwa na nguvu anaongeza pleti, siku amechoka anapunguza, na siku rafiki yake akiwa pembeni anajaribu uzito mkubwa kuliko wote. Miezi inapita, jasho linamwagika, na skwati yake haijasogea hata kilo tano. Anajituma vya kutosha. Anachokosa ni lengo lililoandikwa kabla hajaugusa mtarimbo.

Makocha walitatua jambo hili zamani kwa kugawa mwaka katika vipindi. Katika miaka ya 1960, mtaalamu wa Kisovieti Lev Matveyev aliandika kwa kirefu juu ya mpango huo: kipindi kirefu cha msimu mzima, kifupi cha wiki moja, na katikati yake kipindi cha wiki kadhaa kinachoitwa mesosaiko. Kwa mtu wa kawaida, wiki nne ni urefu unaofaa. Zinatosha kuona mabadiliko, na mpango ukiwa mbovu hasara yake ni mwezi mmoja tu. Mmarekani Jim Wendler aliupa umaarufu mkubwa mpango wake wa wiki nne: tatu za kupanda na ya nne ya kupunguza.

Ufunguo wa mpango wa namna hii ni kuwa na malengo mawili kwa kila wiki. La kwanza ni uzito. La pili ni akiba, yaani marudio ambayo mnyanyuaji angeweza kuongeza kabla ya kushindwa kabisa. Aliyefanya marudio matano huku akijua angefikisha manane ana akiba ya tatu. Uzito pekee hausemi kama kazi ilikuwa nyepesi au ilimmaliza mtu, akiba husema. Mnyanyuaji na kocha wa Marekani Mike Tuchscherer ndiye aliyeufanya upimaji huu uzoeleke katika mashindano ya nguvu, akitumia alama: kumi kwa asiyebakiwa na kitu, tisa kwa aliyebakiwa na rudio moja, nane kwa aliyebakiwa na mawili.

Tuchukue mfano wa kijana ambaye skwati yake bora, iliyoshuka vizuri na kupanda bila kusaidiwa, ni kilo 100 kwa marudio matano. Ili apate pa kuanzia, anaweza kutumia kanuni ya Boyd Epley, aliyekuwa kocha wa nguvu katika Chuo Kikuu cha Nebraska: uzito × (1 + marudio ÷ 30). Kwake inatoa kilo 117 hivi kama kadirio la uzito anaoweza kuunyanyua mara moja. Hana haja ya kuujaribu. Inatosha kuwa na namba ya kupigia hesabu.

Wiki ya kwanza anataka marudio matano yenye akiba ya tatu, maana yake uzito ambao angeweza kuurudia mara nane. Kanuni ileile ikigeuzwa inampa kilo 92 hivi. Lakini hatafanya seti moja, atafanya nne, na mwili huchoka kutoka seti hadi seti. Kwa hiyo anashuka kidogo na kuanza na kilo 90, na akiba anaipima kwenye seti ya mwisho, ile aliyoifanya akiwa amechoka. Daftari lake linasomeka hivi:

Wiki ya 1: kilo 90, seti 4 za marudio 5, akiba 3.
Wiki ya 2: kilo 92.5, seti 4 za marudio 5, akiba 2.
Wiki ya 3: kilo 95, seti 4 za marudio 5, akiba 1.
Wiki ya 4: kilo 80, seti 2 za marudio 5, bila kujikaza.

Seti hazibadiliki katika wiki tatu za kwanza, wala marudio. Kinachopanda ni uzito peke yake. Wengi wanaojipangia huongeza uzito, seti na mazoezi mapya kwa wiki moja, halafu magoti yakianza kuuma hawajui walaumu nini. Kijana huyu akikwama wiki ya tatu atajua kilichomkwamisha, kwa sababu kitu kimoja tu kimebadilika. Mapumziko kati ya seti nayo yasibadilike. Akipumzika dakika tatu wiki ya kwanza na dakika sita wiki ya tatu, seti zake haziwezi kulinganishwa.

Benchi na dedilifti hupangwa kwa hesabu hiyohiyo, kila moja katika siku yake. Dedilifti hutosheka na seti mbili au tatu, kwa kuwa uchovu wake kwenye mgongo hukaa siku nyingi. Mazoezi madogo ya mikono, mabega na tumbo hayahitaji hesabu ndefu. Mtu achague machache na abaki nayo wiki zote nne.

Kazi ngumu zaidi ni kuisoma akiba kwa uaminifu. Anayeanza hukosea sana, na mara nyingi hujidhania kuwa amefika mwisho wakati bado ana marudio mawili au matatu. Makadirio huwa mazuri zaidi mtu anapokaribia kweli kushindwa, na hubahatishwa zaidi kwenye seti ndefu za marudio kumi na tano au ishirini. Njia rahisi ya kujipima ni kuweka simu pembeni, usawa wa nyonga, na kurekodi seti ya mwisho. Rudio la kwanza na la pili hupanda kwa mwendo mmoja. Kama la tano limepanda kwa mwendo uleule, akiba bado ni kubwa. Kama limesimama nusu ya njia, paja likatetemeka ndipo likamalizika, akiba imekwisha hata kama mwenyewe anaandika mbili. Mtu anaweza pia kujizoeza kwa kufanya seti ya mwisho mpaka ashindwe kwenye mashine au zoezi lisilo na hatari. Asifanye hivyo na skwati au benchi akiwa peke yake bila vyuma vya kinga pembeni.

Baada ya kusoma akiba, daftari lazima liwe na jibu la kila hali. Kijana wetu akimaliza wiki ya kwanza na akiba ya tatu, anaendelea kama alivyopanga. Akibaki na moja tu, alianza juu mno. Wiki ya pili anarudia kilo 90 badala ya kupanda. Akibaki na tano, anaruka hadi kilo 95. Na siku ambayo hakulala, seti ya kwanza ikawa nzito kama ya nne, anapunguza kilo tano kwa seti zilizobaki, anaandika sababu, na kumaliza kazi. Wiki inayofuata anarudi kwenye mpango bila kujaribu kufidia. Akikosa siku moja, aifanye siku inayofuata. Asibebeshe siku moja kazi ya siku mbili. Akikosa wiki nzima, arudie wiki aliyoifanya mwisho.

Kuna tatizo la vifaa ambalo vitabu vingi vya mazoezi havilitaji. Kupanda kilo 2.5 kunahitaji pleti mbili za kilo 1.25, na jimu nyingi hazina. Pleti ndogo ikiwa ya kilo 2.5, hatua fupi kabisa inakuwa kilo tano, na kupanda kilo tano kila wiki kutaimaliza akiba ifikapo wiki ya tatu. Hapo uzito hubaki kilo 90 na marudio ndiyo yanayopanda: matano wiki ya kwanza, sita ya pili, saba ya tatu. Kila rudio linaloongezwa kwa uzito uleule hula akiba moja, hivyo malengo ya akiba hayabadiliki. Awamu inayofuata huanza na kilo 95 kwa marudio matano.

Kwenye jimu za vyuma vya kuchomelea na vya saruji kuna la kuongeza. Namba iliyopakwa rangi kwenye pleti inaweza isilingane na uzito wake, na mtarimbo wa fundi wa mtaani unaweza usiwe kilo 20 za kawaida. Mzani wa bafuni hutatua hilo: mtu anajipima, anajipima tena akiwa ameshika pleti, kisha anatoa. Akishindwa kupata mzani, atumie mtarimbo uleule na pleti zilezile wiki zote nne, azitie alama kwa chaki. Hata kama kilo 90 zake kwa kweli ni 86, kupanda kwake bado kutaonekana.

Wiki ya nne ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu mtu aliyetoka kunyanyua kilo 95 huona aibu kuonekana na kilo 80. Lakini wiki tatu za kupanda huacha uchovu unaoifunika nguvu iliyopatikana. Misuli hupona haraka. Kano na viungo huchukua muda mrefu zaidi. Kupunguza seti kwa nusu na uzito kwa sehemu ya sita hivi kunatoa nafasi ya kupona bila mwili kusahau zoezi. Anayepanga kwa busara huanza awamu yake akihesabu nyuma, ili wiki ya nne iangukie kwenye mitihani, safari ya nyumbani au msimu wa kazi nyingi, pale ambapo angekosa mazoezi hata hivyo.

Awamu ikiisha, uamuzi unatokana na mstari mmoja wa daftari: seti ya mwisho ya wiki ya tatu. Kama marudio yote matano ya kilo 95 yalitimia na akiba ya moja au zaidi, awamu mpya inaanza kwa kilo 92.5 na kuishia 97.5. Kama yalitimia bila akiba, inaanza tena kwa kilo 90, na mara nyingi safari ya pili huwa nyepesi. Kama kuna rudio lililoshindikana, inaanza kwa 87.5. Kilo mbili na nusu kwa mwezi zinaonekana chache, na kwa mtu aliyeanza vyuma mwezi uliopita ni chache kweli. Huyo anaweza kuongeza uzito karibu kila siku ya zoezi na hana haja ya mpango huu mpaka aanze kukwama. Mpango pia hautibu maumivu: goti au mgongo unaouma kwa namna ileile wiki mbili mfululizo, au unaouma hata usiku, ni wa kupelekwa kwa daktari au mtaalamu wa viungo, na skwati isubiri.