Presha Inayopotea Kabla Injini Haijawaka

Pikapu ya dizeli inayobeba mahindi kutoka Sugoi kwenda Eldoret ikianza kusumbua asubuhi, starta huzunguka muda mrefu kabla injini haijashika. Ikishika, hutoa moshi mweusi, taa ya injini huwaka kwenye dashibodi, na mlimani gari halivuti. Wengi hukimbilia kununua pampu mpya, ilhali mara nyingi pampu ni nzima na presha inavujia kwingine.

Katika injini nyingi za dizeli za kisasa, pampu husukuma dizeli kwenye bomba nene la chuma, yaani reli, na injekta zote huchota humo. Ili injini iwake, presha ya reli inahitaji kufika takriban baa 200 au zaidi. Gari likibeba mzigo, hupanda hadi baa 1,600 na kuendelea. Kila injekta ina vali ndogo inayoachia dizeli kidogo irudi kwenye tangi. Vali hiyo ikilika, dizeli nyingi hurudi. Starta huzungusha pampu polepole, kwa hiyo presha haijengeki, na gari hukataa kuwaka.

Injini ikiwa imeshawaka, presha hafifu hutoa matone makubwa badala ya ukungu. Matone hayo hayaungui yote, na masizi yake ndiyo moshi mweusi. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na moshi huzidi. Kompyuta ya injini ikiona presha iko chini ya ile iliyoagiza, huandika P0087 na kupunguza nguvu ili kulinda injini.

Fundi makini hupima kwanza. Huchomoa mipira midogo ya kurudisha dizeli, huelekeza kila injekta kwenye chupa yake, kisha huacha injini ingurume dakika chache. Tuseme chupa tatu zina mililita 20 kila moja na ya nne ina 90: injekta ya nne ndiyo mgonjwa. Zote zikiwa na kiasi kidogo na presha bado haipandi, ageukie filta, njia ya dizeli na pampu. Mabomba ya presha yasilegezwe injini ikiwa inazunguka, kwani mchirizi wa dizeli hutoboa ngozi.

Injekta mpya hubeba namba juu yake, na katika magari mengi namba hiyo lazima iingizwe kwenye kompyuta. Lakini hata injekta hiyo italika kama chanzo kimebaki. Maji yaliyojikusanya kwenye mapipa ya dizeli shambani huleta kutu, na mafuta taa yaliyochanganywa na dizeli hupunguza ulaini unaolinda vyuma. Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018 ili kuzuia uchanganyaji huo. Kwa hiyo, kabla ya kufunga injekta mpya, safisha tangi, badilisha filta na umwage maji yaliyo chini ya pipa.