Kupandisha ufunguo wa wimbo wa kwaya: anzeni kupanga kutoka mwisho

Kwaya nyingi hupenda wimbo wa injili umalizike kwa nguvu: ufunguo unapanda, kiitikio kinarudiwa, sauti zinaongezeka. Mara nyingi hapo ndipo wimbo unapoharibika. Teno wanabana koo, sauti ya kwanza wanapiga kelele badala ya kuimba, na maneno hayasikiki tena. Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kupanga wimbo wa mwito na jibu ili mwisho wake upande na bado uimbike, hata kwa kwaya isiyo na kinanda kila siku.

Tuchukue mfano. Mwanzilishi anaita: "Mto umejaa, nani atatuvusha?" Kwaya inajibu: "Bwana atatuvusha." Katika jibu hilo, noti ya juu kabisa ya sauti ya kwanza ni do ya juu. Hapo hapo alto wako kwenye so, na teno wako kwenye mi.

Kabla ya kuchagua ufunguo wa kuanzia, tazameni kwanza ufunguo wa mwisho. Wimbo huu ukiimbwa katika C, mi ya teno ni E, ambayo teno wengi wanaimudu. Ukipanda toni moja hadi D, wanafika F#, nayo bado inawezekana. Lakini mkianza D kwa sababu mwanzoni ilionekana rahisi, mtaishia E, na teno watatakiwa kuishika G#. Wengi hawaifikii bila kupiga kelele. Kwa hiyo wimbo wetu uanze C na uishie D. Kupima ni rahisi: imbeni kiitikio cha mwisho mara tatu mfululizo katika ufunguo wa mwisho. Teno wakichoka mara ya tatu, shusheni wimbo wote kwa nusu toni au toni moja.

Jambo la pili ni namna ya kupanda. Watu thelathini wakijaribu kuhamia ufunguo mpya kwa pamoja bila kinanda, kila mmoja hupanda kwa kiasi chake. Ni salama zaidi mtu mmoja atangulie, na katika wimbo wa mwito na jibu mtu huyo tayari yupo. Kwaya inamaliza jibu katika C na kunyamaza, isipokuwa besi. Besi wanahamia kwenye la na kuishika kwa mapigo manne. La ya ufunguo wa C ndiyo so ya ufunguo wa D; ni noti ile ile, imebadilishwa jina tu. Juu ya noti hiyo mwanzilishi anaimba mwito wake akipanda so, la, ti, do ya ufunguo mpya. Akifika do, sikio la kila mwimbaji limeshahama, na kwaya inajibu katika D bila kubahatisha. Ndiyo maana tunashauri toni nzima. Mkipanda nusu toni, so mpya haimo katika sauti za ufunguo wa zamani, na bila kinanda besi hawana pa kuishika.

Baada ya hapo kiitikio cha mwisho kinaimbwa mara tatu, na kila mara kinaongezwa kitu kimoja tu. Mara ya kwanza wote waimbe sauti moja, kwa upole. Mara ya pili zigawanyike sauti nne. Mara ya tatu mwito ufupishwe: badala ya mstari mzima, mwanzilishi aite "Nani?" na kwaya ijibu mara moja, kwa sauti kamili. Mwito ukifupika, majibu yanakaribiana, na msikilizaji anahisi wimbo unakimbia ingawa mapigo hayajaongezwa. Noti za juu nazo hazijaongezwa hata moja.

Kosa la kawaida hapa ni kwaya kuvuta neno la mwisho la jibu hadi kufunika mwito unaofuata. Kubalianeni idadi ya mapigo, kwa mfano mawili, kisha wote wakate pamoja.

Mwishowe, rekodini wimbo mzima kwa simu iliyowekwa mbali kidogo na kwaya. Sikilizeni mambo mawili. La kwanza, je, maneno ya mwito wa mwisho yanasikika? La pili, linganisheni do ya mwisho na D ya kinanda, au mwombeni mtu mwenye gitaa aipige. Ikiwa sauti yenu iko chini yake, rudieni kwanza kipande cha besi peke yao, kutoka do hadi la, kwa sababu so mpya ikishuka, ufunguo wote mpya unashuka nayo.