Gemu nzito ndani ya MacBook

Novemba 2020 Apple ilianza kuuza MacBook zenye chipu iliyoibuni yenyewe, M1, na kuanza kuachana na prosesa za Intel. Mwezi uliofuata studio ya CD Projekt Red ya Poland ikatoa Cyberpunk 2077, gemu iliyozilemea hata kompyuta za bei kubwa. Iliwachukua miaka minne na nusu kukutana: gemu hiyo iliingia kwenye Mac tarehe 17 Julai 2025.

Kuchelewa huko hakukutokana na udhaifu wa chipu. Gemu nyingi kubwa huandikwa kwa prosesa za Intel na AMD, na picha zake huchorwa kupitia DirectX, mfumo wa Windows. Chipu za M hufuata amri za aina nyingine, ziitwazo ARM, na kwenye Mac picha huchorwa kupitia Metal. Kwa hiyo gemu ya Windows ikifika kwenye MacBook inakuta milango miwili imefungwa.

Mlango wa kwanza hufunguliwa na Rosetta 2, mkalimani wa Apple anayegeuza amri za Intel kuwa za ARM. Juni 2020 Apple iliwaonyesha watu Shadow of the Tomb Raider ya Mac za Intel ikichezwa kwa njia hiyo, na ilikwenda vizuri. Gemu ya Windows inahitaji mkalimani wa pili, kama programu ya CrossOver, wa kugeuza DirectX kuwa Metal. Inawezekana, lakini kila tafsiri inakula nguvu ambayo ingetumika kuchora picha, na mara nyingine kivuli au video inakataa kabisa kutokea.

Gemu asilia, iliyoandaliwa kwa chipu za M na Metal, haihitaji mkalimani yeyote. World of Warcraft ilianza mapema, Novemba ileile ya 2020. Baadaye zikaja Resident Evil Village, No Man's Sky, Baldur's Gate 3, Death Stranding, Lies of P na Assassin's Creed Shadows. Hizi si gemu za kupotezea muda kwenye foleni ya benki. Ni zilezile zinazochezwa kwenye PlayStation 5.

Hata hivyo, gemu kuwa asilia hakumaanishi kwamba itakwenda vizuri kwenye kila MacBook. Cyberpunk 2077 inakubali M1, chipu ya chini kabisa, ila kwa sharti la memori ya GB 16. MacBook Air nyingi za M1 ziliuzwa na GB 8. Katika chipu za M memori ni moja tu, inayotumiwa kwa pamoja na prosesa na sehemu ya kuchora picha, na baada ya kununua mashine haiwezi kuongezwa. Ikijaa, kompyuta huanza kuazima nafasi kwenye diski, na mchezaji anaona picha zikikwama kila anapogeuka kona. Ushahidi upo kwenye Activity Monitor, kichupo cha Memory: rangi ya Memory Pressure huwa nyekundu, na Swap Used inapanda.

Tatizo lingine ni joto. MacBook Air haina feni. Gemu nzito inaweza kuanza kwa kasi ya kufurahisha, kisha baada ya dakika kadhaa chipu inajipunguza yenyewe ili isiungue. Dalili yake ni tofauti na ya memori: picha hazikwamikwami, bali mwendo wote unazidi kuwa mzito huku bati la chini likichoma mapaja. Anayetaka kucheza saa mbili mfululizo atafute MacBook Pro ya inchi 14 au 16, yenye feni, na chipu kuanzia M3. Kizazi hicho, kilichotangazwa Oktoba 2023, ndicho cha kwanza kukokotoa miale ya mwanga kwa vifaa vyake.

Zipo pia gemu zisizokubali hata kidogo. Valorant inalindwa na programu ya kuzuia udanganyifu inayojichimbia ndani kabisa ya Windows, hivyo mkalimani haisaidii. Counter-Strike 2 haina toleo la Mac. EA Sports FC nayo haina, na hilo linawauma wengi waliozoea kupangana zamu kwenye vibanda vya gemu Dar es Salaam na Nairobi.

Kwenye duka la Steam, alama ya tufaha inaonyesha tu kwamba toleo la Mac lipo, na huenda ni la Intel. Baada ya kupakua, mtu abofye gemu kwa kitufe cha kulia, achague Get Info, asome mstari wa Kind. Ikiandikwa `Application (Universal)` au `Application (Apple silicon)`, ni asilia. Ikiandikwa `Application (Intel)`, inategemea Rosetta, na Apple imetangaza kwamba baada ya macOS 27 itabakiza sehemu yake tu, kwa ajili ya gemu za zamani zisizotunzwa tena na watengenezaji wake.