Video ya sekunde 90 juu ya deni la simu

Katika sendika yetu ya wafanyakazi wa migodi, huku Kolwezi, tumekuwa tukiandika video moja fupi juu ya zile aplikasiyo zinazokopesha feza kwa simu. Ni sekunde 90 tu, kwa sababu watu wataipokea kwa WhatsApp na mega zinauzwa bei. Kwa kusoma polepole, sekunde 90 haziwezi kupita maneno 150. Basi ilibidi kuchagua: tunasema nini, na tunaacha nini?

Tuliacha asilimia. Mtu akisikia «asilimia 15» anaona ni kidogo, anapita. Tulianza na feza yenyewe. Sauti inasema hivi: «Uliomba franka 100 000. Kwa simu iliingia 85 000. Kisha siku 14 banakuomba 100 000. Ile 15 000 ilienda wapi?» Ni mfano wetu, lakini namna hiyo ya kukata fre mbele ni ya kawaida. Mkopaji analipia hata feza ambayo haikufika mkononi mwake. Ukigawa 15 000 kwa 85 000, unapata karibu asilimia 18, si 15. Na hiyo ni ya siku 14, si ya mwezi, tena bila kuhesabu fre za kutoa feza kwa kabine.

Jina pia linaficha. Kule Kenya, M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ilikata asilimia 7.5 kwa deni la siku 30, nayo iliitwa ada, haikuitwa riba. Asiyelipa ndani ya siku 30 aliongezewa siku zingine 30 na asilimia zingine 7.5. Mtu anawaza ada inalipwa mara moja, kama karatasi ya ofisi. Kumbe inarudi kila mara muda unapofanywa upya.

Sehemu ya pili ya video njo ya mtego wenyewe, na hapo tunaonyesha kalenda. Mfanyakazi anakopa tarehe 12. Siku ya kulipa ni tarehe 26. Mshahara unaingia tarehe 30. Siku nne tu zinakosa! Anafanya nini? Anafungua aplikasiyo ya pili, anaomba 100 000, anapata 85 000, anaongeza 15 000 ya mfukoni, anafunga deni la kwanza. Kwa macho ya aplikasiyo ya kwanza ni mlipaji mzuri, kwa hiyo inamruhusu akope zaidi. Lakini deni liko palepale, limehama nyumba tu.

Mshahara ukiingia, kwa nini asimalize? Kwa sababu mtu aliyekosa 85 000 mwezi uliopita, mwezi huu hana 100 000 ya ziada. Akitoa yote mara moja, unga na nyumba vinabaki bila kitu. Kutoa 15 000 kila majuma mawili kunaonekana rahisi zaidi. Video inahesabu mizunguko sita, ni kusema siku 84. Mara tano alitoa 15 000, ni 75 000. Mwisho analipa 100 000. Jumla 175 000, kwa 85 000 aliyoishika.

Tuliposomea wenzetu maandishi, mmoja alisema: «Lakini iko nafuu kuliko Banki Lambert. Kule ni 50 kwa mwezi!» Ni neno la kweli, nasi hatukulifuta. Tuliliweka ndani ya video na kulijibu. Mizunguko miwili ya siku 14 inakula 30 000 juu ya 85 000, ni karibu 35 kwa mia. Aplikasiyo iko chini ya Lambert, ndiyo, lakini tofauti si ile ya 15 na 50 ambayo macho yanaona.

Sekunde za mwisho ni maswali matatu ya kuandika kwa karatasi kabla ya kubonyeza «nakubali». Ngapi itaingia kweli kwa simu yangu? Ngapi itatoka? Tarehe ya kulipa iko mbele ao nyuma ya mshahara? Jibu la tatu likiwa «mbele», na hakuna feza ingine inayoingia kabla ya siku ile, basi deni la pili limekwisha kuanza siku ile ile ya deni la kwanza.

Kwa yule ambaye yuko ndani tayari, video inasema jambo moja: acha kufunga deni kwa deni. Omba kulipa kidogo kidogo juu ya deni lenyewe kama wanakubali, na uliza hilo kwa maandishi. Franka 15 000 inayopunguza deni, na 15 000 inayonunua siku 14 zingine, zinatoka mfuko mmoja, lakini hazifanyi kazi moja.