JIBINI LAINI YA NYUMBANI
Ining'inizwe Muda Gani Penye Joto la Ziwa?

Katika kisiwa cha Rusinga, ng'ambo ya Mbita katika Kaunti ya Homa Bay, maziwa hayana subira. Jua la mchana huwaka juu ya mawe na juu ya maji, na maziwa yaliyokamuliwa alfajiri, yasipochemshwa, huwa yamekwisha kubadilika kabla ya jioni. Wazee wa kisiwa hawakulihesabu jambo hilo kuwa hasara. Waliyaacha maziwa yagande, wakayala na kuon, yaani ugali, na Waluo huyaita maziwa hayo chak mopoto. Malai ya juu yalitiwa katika kibuyu, yakasukwasukwa mpaka yakatoa siagi, na siagi ikayeyushwa kuwa samli.

Jibini laini ni jirani wa karibu wa vyakula hivyo viwili. Ni mtindi uliotolewa maji, au malai yaliyogandishwa kisha yakatolewa maji, mpaka yakawa mazito kiasi cha kupakwa juu ya mkate au kiazi kitamu. Haihitaji mtambo wala dawa ya kugandishia. Yahitaji kitambaa safi, chumvi kidogo, na kujua ni wakati gani wa kukishusha kitambaa. Hapo ndipo wengi hukosea. Anayeharakisha hupata uji usiokaa juu ya mkate. Anayechelewa, hasa penye joto, hupata kitu kikali kama siki, na maziwa ya siku nzima huenda kwa nguruwe.

Mwanzo ni Maziwa

Maziwa mabichi yaweza kuchukua vijidudu vya kifua kikuu na vya bruselosi, ile homa inayokuja na kuondoka na kuacha maumivu ya viungo. Kugandisha maziwa hakuviui vijidudu hivyo kwa hakika. Kwa hiyo maziwa yachemshwe kwanza, hata kama watu wa nyumba wamezoea kuyanywa hivi hivi. Yakiisha kuchemka, moto upunguzwe na yaachwe katika joto hilo kwa dakika kumi, huku yakikorogwa ili yasishike chini. Joto hilo lina faida ya pili: huufanya mtindi kuwa mzito, usioachia maji ovyo.

Kisha yapoe mpaka digiri 43 au 45. Asiye na kipimo cha joto atumie kidole kilichonawiwa: kikiweza kukaa ndani ya maziwa kwa hesabu ya kumi bila kuungua, na bado maziwa yakahisiwa kuwa ya moto, wakati umefika. Kwa kila lita moja ya maziwa vitiwe vijiko viwili vikubwa vya mtindi mpya usio na sukari, vikorogwe taratibu, na chombo kifunikwe na kuvikwa blanketi. Baada ya saa sita hadi nane mtindi huwa umeshikana.

Mtindi wa dukani nao wafaa, lakini maandishi ya chombo chake yasomwe. Ukiwa umetiwa wanga au jelatini hautatoa maji, kwa kuwa vitu hivyo vimewekwa humo makusudi kuyazuia. Mama anaweza kuuning'iniza usiku kucha na asubuhi akaukuta kama alivyouacha, akadhani kosa ni lake.

Kwa Nini Maji Hutoka

Maziwa yanapochacha, sehemu yake ya kujenga mwili hushikana na kuwa kama wavu mwembamba sana. Ndani ya wavu huo mna mafuta na maji. Mtindi ukitiwa katika kitambaa na kuning'inizwa, uzito wake wenyewe huyasukuma maji nje. Saa mbili za kwanza hutoka kwa wingi, yakidondoka kama mvua ya manyunyu. Baadaye wavu hukaza, matone huwa machache, na saa nzima yaweza kutoa vijiko vichache tu.

Kitambaa kizuri ni melimeli iliyokunjwa mara mbili. Amerikani nayo yafaa, ila huchuja polepole zaidi. Kitambaa chochote kichemshwe kwanza katika maji matupu bila sabuni, kisha kikamuliwe. Mtindi umiminwe ndani yake, pembe nne zifungwe pamoja, na furushi litundikwe juu ya sufuria. Lisikamuliwe kwa mikono. Anayekamua huupasua wavu, na cheupe kilicho chakula hupita pamoja na maji.

Maji yanayodondoka yawe maangavu, ya rangi ya manjano inayoelekea kijani kibichi. Yakiwa meupe kama maziwa, ama mtindi haukushikana vizuri, ama kitambaa kina matundu makubwa. Yarudishwe ndani ya furushi, na kitambaa kikunjwe mara nyingine.

Saa na Kipimo cha Maji

Kwa mtindi wa maziwa yasiyotolewa malai, saa mbili za kuning'inia hutoa kitu kizito kama uji wa mgonjwa. Saa nne hadi sita hutoa kile ambacho kijiko husimama ndani yake. Chafaa kuliwa na matunda au kwa mboga. Saa nane hadi kumi na mbili hutoa jibini laini yenyewe, ya kupaka. Saa ishirini na nne, huku kisahani chenye jiwe safi kimewekwa juu yake, hutoa jibini ngumu kidogo inayoweza kufinyangwa vidonge, kama Waarabu wa Shamu wafanyavyo kwa ile waiitayo labne.

Hizo ni saa za mahali penye baridi au ndani ya jokofu. Penye joto la Rusinga saa pekee hazitoshi kuwa mwongozo, kwa sababu chachu haikomi kufanya kazi mtindi uingiapo katika kitambaa. Kadiri unavyoning'inia, ndivyo ukali unavyozidi. Kipimo kilicho bora ni maji yenyewe. Yawekwe katika jagi na kupimwa. Maji yakifika nusu ya mtindi uliotiwa, kilichobaki ni mtindi mzito. Yakikaribia theluthi mbili, jibini laini iko tayari, wala hakuna faida ya kungoja zaidi.

Maziwa ya ng'ombe wa kienyeji yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe wa kizungu, kwa hiyo hutoa maji machache na jibini nyingi. Maziwa ya mbuzi hushikana kwa ulaini. Jibini yake hubaki tepetepe hata saa zake zikitimia.

Mfano wa Lita Tatu

Chukua nyumba isiyo na jokofu, ambamo mama amebaki na lita tatu za maziwa ya asubuhi. Saa moja asubuhi ayachemsha. Saa tatu yamepoa kiasi cha kidole, naye atia vijiko sita vya mtindi na kufunika. Saa kumi alasiri mtindi umeshikana. Hautii katika kitambaa wakati huo, kwa maana nyumba ingali na joto. Aiweka sufuria ndani ya karai la maji yaliyokaa katika mtungi wa udongo, ambayo daima huwa baridi kuliko maji ya ndoo, na kuufunika mtindi upoe mpaka jua litue.

Saa moja usiku autia katika kitambaa na kuutundika mahali panapopita upepo. Nje ya furushi, bila kuligusa, azungusha kitambaa cha pili kilicholoweshwa, ili nzi wasifike na upepo unaokausha unyevu uondoe joto. Saa tatu usiku, kabla ya kulala, alifungua furushi, akwangua kwa kijiko tabaka zito lililoshika kando, alichanganya na laini la katikati, na kulifunga tena. Bila kufanya hivyo, tabaka la nje huziba kitambaa na katikati hubaki uji.

Saa kumi na moja alfajiri alishusha. Saa kumi zimepita. Katika sufuria mna maji karibu lita mbili, na katika kitambaa mna jibini ya kilo moja na kidogo. Aitia vijiko vidogo viwili vya chumvi, vilivyosawazishwa, na kuikoroga mpaka inang'aa. Chumvi si ladha tu. Huipunguza kasi ile chachu. Aigawa katika bakuli zilizochemshwa, aifunika, na kuiweka karibu na mtungi. Bila jokofu iliwe siku hiyo hiyo. Ndani ya jokofu yaweza kukaa kama juma moja.

Yale maji hayamwagwi. Hutiwa katika uji wa mtama mahali pa maji ya kawaida, au hukandia unga wa chapati.

Anayetaka Malai

Jibini ya malai ni tamu zaidi na huchukua saa nyingi zaidi. Malai yaliyochemshwa na kupozwa huchanganywa na maziwa kiasi kilekile. Kila lita hutiwa vijiko viwili vya mtindi, na mchanganyiko huachwa ugande, kisha hutundikwa. Mafuta huziba matundu ya kitambaa, hivyo kukwangua kufanyike mara mbili au tatu, na huenda ikapasa kubadili kitambaa. Saa kumi na mbili hadi ishirini na nne ndizo za kawaida, na usiku mmoja wa ziwani haufiki huko. Kwa sababu hiyo jibini ya malai itengenezwe na mwenye jokofu. Asiye nalo ashike njia ya mtindi, akitaka utamu achanganye kijiko cha malai yaliyochemshwa na kupozwa wakati wa kula.

Dalili za Kuharibika

Ukali pekee si ubovu. Jibini iliyozidi ukali kidogo huponywa kwa kuchanganywa na mtindi mpya, au hutiwa katika mchuzi wa mboga. Bali furushi likivimba, au jibini ikiwa na matundu ya hewa kama mkate na harufu ya pombe, wageni wameingia: kitambaa au chombo hakikuchemshwa. Ikivutika kama ute, au ikitoa madoa ya waridi, ya kijani au meusi, itupwe yote. Kuondoa doa la juu hakutoshi, kwa maana jibini laini ina maji mengi na uchafu hupenya ndani upesi.

Baada ya kutupa, asibakize hata kijiko kimoja cha mtindi uliotoka katika kazi hiyo kuwa mbegu ya kesho. Mbegu mpya itafutwe, kitambaa kichemshwe tena, na kianikwe juani mpaka kikauke kabisa kabla ya furushi lingine kutundikwa.