Atomu haziwezi kujaza kisanduku kupita kisanduku chenyewe

Mudogo yangu anasoma politekniki. Juzi alikuja na kaye yake, egzame ikiwa imebakia siku mbili. Alikuwa anatafuta sehemu ya nafasi inayojazwa na atomu za shaba, na alipata 1,36. «Yaya, formila nimefuata yote, kosa iko wapi?»

Mimi ni mtu wa udongo, lakini hapo niliona mara moja: 1,36 haiwezekani. Ni kama kusema gunia la lita mia limeshika maharagwe ya lita 136. Jibu lazima liwe chini ya 1.

Tulianza upya, na kuhesabu atomu. Kisanduku cha shaba kina atomu kwenye pembe 8, kila moja ikigawanywa na visanduku 8: hiyo ni atomu 1. Kwenye nyuso 6 kuna nusu sita, yaani 3. Jumla ni 4. Chuma, kwenye joto la kawaida, iko na ile 1 ya pembe na 1 nzima katikati: jumla 2.

Kisha tukajiuliza: atomu zinagusana wapi? Kosa lake lilikuwa hapa. Kwa shaba zinagusana kwenye diyagonali ya uso, kwa hiyo 4r = a√2, na r = 0,354a. Kwa chuma zinagusana kwenye diyagonali inayopita ndani ya kisanduku: 4r = a√3, r = 0,433a. Yeye alichukua atomu 4 za shaba na r ya chuma. Ukiweka kila kitu mahali pake katika n × (4/3)πr³ / a³, unapata 0,74 kwa shaba na 0,68 kwa chuma. Ona, a inajifuta yenyewe: kila metali yenye mpangilio kama wa shaba itakupa 0,74.

Densite nayo inataka a yenyewe, lakini haitaki r:

densite = n × M / (a³ × N)

Kwa shaba a ni nanometa 0,3615. Igeuze kwanza kuwa sentimita: 3,615 × 10⁻⁸. Ukiipandisha kwenye kipeo cha tatu unapata 4,724 × 10⁻²³ cm³. Uzito wa atomu nne ni 4 × 63,55 / (6,022 × 10²³), yaani gramu 4,221 × 10⁻²². Gawanya: 8,94 g/cm³. Chuma, kwa a ya nanometa 0,2866 na M ya 55,85, inatoa 7,88.

Sasa linganisha na kipimo cha kweli: shaba ni karibu 8,9, chuma karibu 7,9. Ukipata 4,47 kwa shaba, ujue umehesabu atomu 2 pahali pa 4. Lakini kipande kilichomiminwa kikiwa na matundu ndani, kitapima chini ya hesabu, maana hesabu yetu haijui matundu. Hapo kosa si ya kaye, ni ya kipande.

Mudogo yangu alifuta 1,36, akaandika 0,74.